Kumkabidhi mfasiri mkataba: hatua kwa hatua, kwa mfano wa mkataba wa alizeti

Mkataba uliofika kwenye AMCOS yetu, chama cha ushirika wa wakulima upande wa Kongwa, ulikuwa na kurasa 14 za Kiingereza na viambatisho vitatu. Mnunuzi wa alizeti alitaka kutukopesha mbegu, sisi tumuuzie mavuno, na deni likatwe kwenye malipo. Kabla ya kusaini ilibidi wanachama waupigie kura kwenye mkutano mkuu, na wengi wao hawasomi Kiingereza. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo kutafuta mfasiri ilikuwa kazi yangu.

Haikuwa mara yangu ya kwanza. Miaka ya nyuma, kwa mkataba mwingine, nilipiga picha kurasa kwa simu, nikamtumia mfasiri kwa WhatsApp na maneno haya: "Naomba unitafsirie hii, tunaihitaji Ijumaa." Ijumaa ikafika, tafsiri ikafika, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kifungu kimoja kilisema chama "kitatoa dhamana kwa mkopo wa pembejeo". Wanachama wakaelewa kwamba chama kinawadhamini wakulima wake, yaani kinasimama nyuma yao kwa maneno. Kiingereza kilimaanisha kwamba mazao yaliyomo ghalani yamewekwa rehani. Mavuno yalipokuwa haba, mnunuzi akaja kuzuia magunia, na watu wakadhani wameibiwa. Mfasiri hakukosea lugha. Mimi sikumwambia tafsiri ni ya nini, wala sikumpa nafasi ya kuuliza. Tangu hapo simpi mtu mkataba bila barua ya kazi, na yafuatayo ndiyo ninayoyafanya kabla na baada ya barua hiyo.

Kwanza, amua tafsiri itafanya kazi gani

Tafsiri ya kusoma na kuelewa ni kazi moja, tafsiri itakayosainiwa ni nyingine, na ya kupeleka mahakamani au ofisi ya serikali ni ya tatu. Ya kwanza inataka lugha ambayo mkulima ataisikia ikisomwa kwa sauti na kuifuata. Ya pili lazima ipitiwe na wakili anayesoma lugha zote mbili, kwa sababu ikishasainiwa inakufunga. Ya tatu huenda ikadaiwa ithibati, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma hiyo. Iulize ofisi itakayopokea tafsiri inataka nini kabla hujamtafuta mfasiri, kwa sababu ithibati huongeza siku na gharama.

Halafu fungua mkataba wenyewe utafute kifungu cha lugha. Kwa kawaida kiko mwishoni, kwenye mambo ya jumla. Chetu kilisema mkataba ukitafsiriwa, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayotawala iwapo zitapishana. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na wapo wanaodhani kwamba mkataba wa Kiingereza kati ya watu wawili hauna nguvu tena. Sivyo. Kwa hiyo niliandika kwenye barua kwamba yetu ni tafsiri ya kusoma mkutanoni, haisainiwi, na kila ukurasa uwe na mstari wa kusema hivyo.

Pili, usiri, kabla hujamtumia mtu hata ukurasa mmoja

Wengi huweka usiri mwisho wa orodha, wakati mkataba umeshafika kwenye simu tatu. Anza na swali ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua: je, wewe unaruhusiwa kumwonyesha mtu mwingine mkataba huu? Rasimu nyingi za biashara zina kifungu kinachokataza kuonyesha masharti kwa mtu wa nje, na mara nyingine ulishasaini karatasi ya usiri kabla hata ya kupewa rasimu. Kifungu chetu kiliruhusu "washauri wa kitaalamu", lakini mfasiri hakutajwa. Nikamwandikia mnunuzi barua pepe ya mistari miwili kuomba ruhusa ya mfasiri mmoja na msomaji mmoja wa pili wa kuipitia tafsiri. Alijibu siku iliyofuata kwamba hana pingamizi. Barua pepe hiyo naitunza.

Kisha punguza unachotoa. Kiambatisho B kilikuwa na orodha ya wanachama: majina, namba za NIDA, namba za simu na ukubwa wa shamba la kila mmoja. Hakuna cha kutafsiri humo zaidi ya vichwa vya safu. Nilitoa orodha nzima nikaacha jedwali tupu, na juu yake nikaandika "orodha haitafsiriwi". Namba ya akaunti ya chama nikaifunika pia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za wanachama ziko mikononi mwa chama, si za kugawa. Njia nyepesi ya kuzilinda kwa mfasiri ni kutompa kabisa.

Hapa kwetu siri za mikataba nyingi huvujia steshenari. Mtu anakwenda na fleshi kuprinti, kijana wa pale anaburuta faili kwenye kompyuta ya dukani ili lifunguke, anaprinti, anapokea hela, na faili linabaki pale pale mbele ya kila mteja anayekuja baadaye. Niliwahi kuona kwenye kompyuta ya duka moja mjini Dodoma hati ya mauziano ya kiwanja cha watu nisiowajua, kila kitu wazi. Kwa hiyo kwenye masharti yangu naandika waziwazi: faili litumwe kwa barua pepe tu, lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, lisipandishwe kwenye tovuti yoyote, na kama ni lazima kuprinti nje, anayeprinti asimame hapo mpaka faili lifutwe, na pipa la takataka la kompyuta limwagwe.

Usiri uwe na mipaka inayoeleweka. "Utunze siri" peke yake haitoshi, maana mfasiri ana haki ya kujua siri ni ipi na mpaka lini. Mimi nataja mambo manne: kinachofichwa (bei, kiasi, masharti ya mkopo, majina), nani anaruhusiwa kukiona, muda gani, na nini kifanyike na nakala kazi ikiisha. Namruhusu abaki na orodha ya istilahi, kwa sababu maneno si siri na ni kifaa chake cha kazi.

Tatu, hesabu kazi kabla ya kuielezea

Kurasa hazisemi kitu. Ukurasa mmoja una maneno 500, mwingine una jedwali tu. Omba faili la Word kutoka kwa mwenye mkataba, kwa sababu picha za simu zinamlazimisha mfasiri kuandika upya, na namba hukosewa hapo. Word yenyewe inakuonyesha idadi ya maneno chini ya ukurasa. Mkataba wetu ulikuwa na maneno 5,200 bila orodha ya wanachama.

Kama mtalipana kwa neno, andikeni ni neno la lugha ipi. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "nitakuwa sijamlipa" ni maneno mawili, Kiingereza chake ni sita. Ukihesabu tafsiri, malipo yanakuwa madogo kuliko mfasiri alivyotarajia, na ugomvi unaanza siku ya kukabidhi. Hesabu maneno ya Kiingereza, kwa sababu yanajulikana tangu siku ya kwanza. Tuseme mmekubaliana shilingi 60 kwa neno, namba ya mfano tu: maneno 5,200 ni shilingi 312,000, na hakuna atakayeshangaa mwishoni.

Andika pia toleo. Rasimu hubadilika mnunuzi anapoendelea kujadiliana, na hakuna kinachoumiza kama kutafsiri rasimu ya jana. Faili letu lilipewa jina `Alizeti_rasimu3.docx`, na barua ikasema tafsiri ni ya rasimu hiyo. Mabadiliko yoyote ya baadaye yatahesabiwa na kulipwa peke yake.

Nne, istilahi, mahali ambapo mikataba huharibikia

Usimwachie mfasiri aamue peke yake maneno yanayobeba fedha. Soma mkataba, au kaa na mtu anayeusoma, mtoe maneno 15 hadi 25 yanayojirudia, kisha kubalianeni neno moja la Kiswahili kwa kila moja. Neno hilo litumike mwanzo mpaka mwisho bila kubadilishwa kwa ajili ya kupendeza. Shuleni tulifundishwa kutorudia neno lile lile. Kwenye mkataba ni kinyume, kwa sababu ukiandika "mzigo" hapa na "bidhaa" kule, msomaji ana haki ya kudhani ni vitu viwili.

Nilimpelekea mfasiri wetu, mwalimu wa lugha anayeishi Ipagala, orodha ya maneno 18. Jioni ile ile akanipigia.

"Katibu, kwenye orodha yako 'dhamana' imetokea mara tatu, na Kiingereza chake ni tofauti mara zote tatu. Moja ni mali inayoshikiliwa deni lisipolipwa. Moja ni mtu kuahidi kulipa deni la mwenzake. Moja ni muuzaji kuahidi kwamba mbegu zitaota. Unataka nizitofautishe?"

"Zitofautishe, Mwalimu. Ndiyo sababu nimekutafuta."

Tukaweka hivi: mali inayoshikiliwa ikawa "rehani", kuahidi kulipia mwingine ikawa "udhamini", na ahadi ya ubora wa mbegu ikawa "uhakikisho wa ubora". Neno "dhamana" lenyewe tukaliondoa kabisa kwenye tafsiri. Kwa neno hilo moja tu, wanachama walisoma mkataba tofauti na ule wangeusoma.

Yapo mengine ya namna hiyo. Tunasema "kuvunja mkataba" kwa anayekiuka masharti, na tunasema "kuvunja mkataba" pia kwa anayeumaliza kwa kufuata utaratibu na notisi. Moja ni kosa, nyingine ni haki. Tulitumia "kukiuka" kwa la kwanza na "kuhitimisha" kwa la pili, na "kusitisha" tukaliacha kwa kusimamisha kwa muda tu. "Fidia" nayo hubeba malipo ya hasara iliyotokea, na hubeba pia ahadi ya kumkinga mwenzako na madai ya watu wengine. Na "usuluhishi" wengi wanausikia kama kikao cha kupatanishwa ambacho mtu anaweza kutoka bila kukubali, kumbe kwenye mikataba ya biashara mara nyingi linalotajwa ni baraza la kuamua, na uamuzi wake unafunga. Jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, linaonyesha tofauti hiyo: kuna kusuluhisha na kuna kuamua. Tuliandika "usuluhishi wenye uamuzi unaofunga". Ni refu, lakini hakuna aliyeuliza maana yake.

Wajibu na ruhusa vinataka uangalifu wa peke yake. "Mnunuzi atalipa ndani ya siku 14" kwa sikio la kawaida ni habari ya kesho, si amri. Na "Mnunuzi anaweza kukataa mzigo" inaweza kusikika kama onyo kwamba jambo hilo hutokea, kumbe ni haki anayopewa. Tulikubaliana kila wajibu uandikwe "anapaswa", kila haki "ana haki ya", kila hiari "ana hiari ya", na kila katazo "haruhusiwi".

Saa na vipimo vipewe mstari wao kwenye barua. Mkataba ulisema taarifa ikifika baada ya 17:00 itahesabika imefika kesho yake. Kwetu hiyo ni saa 11 jioni, na mfasiri mwenye haraka anaweza kuandika saa 5. Niliomba aandike "saa 11 jioni (17:00)" kila inapotokea. Gunia nalo: mkataba ulilifafanua kuwa kilo 60, wakati gunia la mtaani ni lile lililojazwa mpaka likashonewa kilemba. Tukakubaliana kila penye gunia iandikwe "gunia la kilo 60".

Mwisho wa orodha ya istilahi weka sheria hii: mfasiri asirekebishe mkataba. Akikuta kifungu kinajipinga, au kinakurejesha kwenye kifungu kisichokuwepo, akitafsiri kilivyo na aandike maelezo pembeni. Wetu alikuta kifungu cha 9 kinataja "kifungu cha 14.3" ilhali cha 14 kinaishia 14.2. Angelinyoosha kimyakimya tusingejua, na mnunuzi asingekirekebisha.

Tano, muda

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mkutano. Tulitaka wanachama wawe na nakala siku 7 kabla, na siku moja ya kuprinti na kusambaza. Mfasiri mzoefu anaweza kutafsiri maneno kama 2,000 ya kawaida kwa siku, lakini mkataba huenda polepole, kwa hiyo nilihesabu 1,500. Maneno 5,200 ni siku 4. Nikaongeza siku moja ya yeye kujisomea upya, moja ya msomaji wa pili, na mbili za maswali na masahihisho. Jumla ni siku 8 za kazi, zikianza siku ambayo mfasiri amepata faili, orodha ya istilahi na malipo ya awali, vyote vitatu. Katibu akichelewesha faili siku mbili, tarehe ya mwisho nayo inasogea siku mbili, na barua iseme hivyo.

Omba kipande cha kwanza mapema. Vifungu vya 1 hadi 4, pamoja na ufafanuzi wa maneno, vilikuja siku ya pili. Nikaona "hekta 40" imekuwa "eka 40". Hekta 40 ni karibu eka 99. Ilikuwa kuteleza tu, lakini ingeingia kwenye kiwango tunachotakiwa kulima, na tungeigundua tumeshaprinti nakala mia mbili.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Hii ni sehemu ya barua yetu, ibadilishe kulingana na kazi yako:

> Kazi: Kutafsiri faili Alizeti_rasimu3.docx kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, maneno 5,200, pamoja na viambatisho A na C. Kiambatisho B: vichwa vya safu tu.
>
> Matumizi: Kusomwa na kujadiliwa na wanachama. Haisainiwi. Kila ukurasa uandikwe: "Tafsiri kwa ajili ya kusoma. Nakala ya Kiingereza ndiyo inayotawala."
>
> Umbo: Namba za vifungu zibaki kama zilivyo. Kila kifungu cha tafsiri kianze mstari wake. Maneno yaliyofafanuliwa yaanze kwa herufi kubwa.
>
> Istilahi: Orodha iliyoambatishwa ifuatwe. Ukitaka kubadilisha neno, uliza kwanza. Shaka zote ziandikwe pembeni, zisiamuliwe kimya.
>
> Muda: Vifungu 1–4 siku ya 2; rasimu nzima siku ya 5; nakala ya mwisho siku ya 8. Katibu atajibu maswali ndani ya siku moja.
>
> Malipo: Kwa maneno ya Kiingereza. Nusu mwanzoni, nusu baada ya nakala ya mwisho. Masahihisho ya makosa ya tafsiri hayalipiwi. Mabadiliko ya mkataba yanalipiwa.
>
> Usiri: Bei, kiasi, masharti ya mkopo na majina havitolewi kwa mtu yeyote isipokuwa msomaji wa pili aliyetajwa hapa. Usiri unaendelea kwa miaka 3 baada ya kukabidhi. Faili na nakala za karatasi zifutwe au zirudishwe ndani ya siku 14, na mfasiri athibitishe kwa maandishi. Orodha ya istilahi inabaki kwake.

Wote wawili wasaini, na msomaji wa pili asaini sehemu ya usiri. Mfasiri asiyetaka kusaini sehemu hiyo mshukuru, utafute mwingine. Na anayesaini bila kuuliza swali hata moja mpigie simu umuulize wewe, kwa sababu mkataba wa kurasa 14 usio na swali haujasomwa.

Kupokea kazi

Huhitaji kujua Kiingereza sana ili kukagua. Hesabu vifungu pande zote mbili. Vikipungua, kuna kilichorukwa. Kisha mtu mmoja ashike Kiingereza, mwingine Kiswahili, msome namba zote kwa sauti: tarehe, asilimia, siku, kilo, shilingi. Baada ya hapo bonyeza `Ctrl+F` kwenye tafsiri utafute maneno mliyoyakataa. Nilipotafuta "dhamana" ilijitokeza mara moja, kwenye kiambatisho C. Ilikuwa rehani.

Mwisho, chukua vifungu vitatu vizito, kwetu vilikuwa malipo, kukataa mzigo na kuhitimisha, umsomee mwanachama ambaye hakushiriki kazi, kisha umwombe akueleze kwa maneno yake. Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo kwa heshima. Mama mmoja niliyemsomea kifungu cha kukataa mzigo alinijibu: "Kwa hiyo alizeti ikikutwa na unyevu juu ya 9, wananirudishia, na nauli ya kurudi ni yangu?" Ndivyo kilivyosema. Swali lake la pili, kwamba ni nani atakayeshika kipima unyevu siku hiyo, halikuwa na jibu kwenye mkataba wa lugha yoyote, na tukalipeleka kwa mnunuzi kabla ya mkutano.